Saa Nazo Zikaguliwe: Hesabu ya Vikao vya Kila Wiki katika Chama cha Msingi

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya viongozi na watumishi wa vyama wanachama, Bagamoyo)



Mmezoea kuniona nikija na madaftari mawili: daftari la fedha na daftari la ghala. Leo nimekuja kuzungumza juu ya daftari la tatu, ambalo katika vyama vingi halipo kabisa. Nalo ni daftari la saa za kazi zinazotumika katika vikao vinavyorudi kila siku, kila wiki na kila mwezi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Saa za watumishi ni mali ya wanachama, kwa maana wanachama ndio wanaozilipia kwa makato ya kila kilo ya mazao yao. Na saa hizo hupotea hasa kwa sababu hakuna anayeziandika.

Sitazungumza kwa jumla jumla. Nitawasimulia habari ya chama kimoja cha msingi cha ukanda wetu huu, ambacho jina lake nalihifadhi, na nitawaeleza tulivyofanya hesabu, tulivyokata, tulivyokosea, na tulivyosahihisha. Katika habari hiyo mimi mwenyewe nina kosa langu, nalo sitalificha.

HALI NILIYOIKUTA

Ilikuwa Jumatatu moja katika msimu wa ufuta. Nilifika chamani yapata saa 2:30 asubuhi. Mlango wa ghala ulikuwa umefungwa na mizani imefunikwa turubai. Chini ya mwembe walikuwapo wakulima saba na magunia yao. Wengine wamekuja kwa pikipiki za kukodi, wengine kwa baiskeli. Nikamwamkia bibi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya magunia yake mawili, nikamwuliza kwa nini hawajapimiwa.

“Marahaba, mwanangu,” akaniitika. “Hawa wako mkutanoni. Jumatatu mizani haifunguki mpaka jua lipande. Sisi tumezoea.”

Niliketi nao. Ilipokaribia saa 4:00 likaja gari dogo likasimama kando ya barabara. Mtu akashuka, akazungumza na wakulima kwa sauti ya chini, akatoa ndoo yake. Hakuwa na mizani. Wakulima watatu kati ya wale saba wakamwuzia ufuta wao kwa ndoo, fedha mkononi, kwa bei ambayo hakuna aliyeificha kwamba ni ndogo. Huo ndio ununuzi ambao wengi huuita kangomba, na nyote mnajua kwamba haukubaliwi. Lakini siku ile chama chenyewe ndicho kilichomfungulia mlango mnunuzi yule, kwa kuufunga mlango wa ghala lake.

Saa 4:30 mkutano ukaisha, makarani wakatoka, turubai likaondolewa. Bibi yule akapimiwa, akapewa stakabadhi yake, akaenda zake. Mimi nikaingia ofisini, na badala ya kuanza na hati za malipo, nikaomba niletewe mihtasari ya vikao.

HESABU YENYEWE

Chama kile kilikuwa na watumishi 8: meneja, mhasibu, mtunza fedha, mtunza ghala, makarani wawili wa mizani, karani wa masjala na dereva. Nilipowauliza kila mmoja kwa nafasi yake wanatumia muda gani mkutanoni kwa wiki, walinijibu “saa mbili tatu hivi.” Hakuna aliyesema uongo. Mtu hukumbuka muda uliopangwa, hakumbuki muda uliotumika.

Tukafungua daftari la mkono, lenye mistari rahisi. Kwa kila kikao karani wa masjala aliandika mambo sita: saa iliyotangazwa, saa kilipoanza kweli, saa kilipoisha, idadi ya waliohudhuria, idadi ya maamuzi yaliyotolewa, na kazi iliyosimama wakati kikao kikiendelea. Jambo la sita ndilo linalosahaulika na ndilo lenye uzito kuliko yote. Kikao cha saa moja wakati mizani imelala hakilingani na kikao cha saa moja wakati wakulima saba wako chini ya mwembe.

Tuliandika kwa wiki nne, kwa sababu wiki moja hudanganya: huenda ni wiki ya malipo, au wiki ya msiba, au wiki ambayo mkaguzi yupo na kila mtu anawahi. Baada ya wiki nne, wastani wa kila wiki ulikuwa hivi.

Mkutano wa Jumatatu wa watumishi wote ulitangazwa kuwa wa saa moja. Kwa kweli watu walikaa tangu saa 2:00 hadi saa 4:30, yaani saa mbili na nusu. Watu 8 kwa saa mbili na nusu ni saa 20 za kazi. Kikao cha kila asubuhi, Jumanne hadi Ijumaa, kilikuwa cha nusu saa, watu 6; hizo ni saa 12 kwa wiki. Kikao cha malipo cha Jumatano kilichukua saa mbili, watu 5, saa 10. Na mkutano wa tathmini wa Ijumaa, tangu saa 5:00 hadi saa 6:30 mchana, watu wote 8, saa 12.

Jumlisheni: 20 na 12 na 10 na 12 ni saa 54 kila wiki.

Sasa linganisheni na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki kwa mtumishi mmoja. Kwa hiyo chama kile kilikuwa kama chama kilichomwajiri mtumishi mmoja mzima, kikamlipa mshahara wake wote, na kazi yake ikawa kukaa mkutanoni tangu Jumatatu hadi mwisho wa wiki. Na juu yake kikamwazima mwenzake kwa siku nzima nyingine. Meneja alipoiona hesabu hiyo alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Na mimi kila mwaka naiandikia Bodi kwamba naomba karani wa tatu wa mizani.”

Angalieni vilevile jambo dogo la kuchelewa. Mkutano wa Jumatatu ulianza kwa wastani dakika 20 baada ya saa iliyotangazwa, kwa kumngoja mtu mmoja tu, mara huyu mara yule. Wangojaji 7 kwa dakika 20 ni dakika 140, yaani saa mbili na dakika 20 za kazi kila Jumatatu, kabla hata mkutano haujafunguliwa.

MIHTASARI HUSEMA KWELI

Daftari la saa hutuambia kikao kinagharimu nini. Halituambii kikao kinaleta nini. Kwa jambo hilo tukarudi kwenye mihtasari. Nilichukua mihtasari 12 ya Jumatatu iliyofuatana, nikaisoma kwa kalamu nyekundu, na kila kifungu nikakiwekea alama moja kati ya tatu. Alama ya kwanza ni ya uamuzi: jambo lililotaka watu wakubaliane, wakakubaliana. Alama ya pili ni ya taarifa: jambo ambalo mtu mmoja alilijua akawaambia wengine. Alama ya tatu ni ya marudio: jambo lililokaa katika “yatokanayo na kikao kilichopita” kwa mara ya pili au zaidi bila kuwa limefanywa.

Katika vifungu 96, taarifa zilikuwa 61, marudio 18, na maamuzi 17. Yaani mkutano mmoja wa saa mbili na nusu ulileta kwa wastani uamuzi mmoja na nusu. Zaidi ya nusu ya vifungu vyote vilikuwa habari ambazo zingeweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ubaoni.

Nawaombeni muitazame sana ile alama ya tatu. Jambo moja, la kutengeneza paa la ghala upande wa kusini, lilionekana katika mihtasari 6 mfululizo, na kila mara liliandikwa “meneja anaendelea kulifuatilia.” Jambo likitokea katika yatokanayo mara tatu mfululizo, ni dalili kwamba linakosa mtu mwenye jukumu, au linakosa fedha, au linamhitaji mtu asiyekuwamo mkutanoni. Katika hali zote hizo kulijadili tena hakusaidii. Paa lile lilihitaji idhini ya Bodi kwa sababu halikuwamo katika makisio ya mwaka. Watumishi 8 walilijadili mara 6, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mamlaka ya kuliamua.

CHETI CHA KUZALIWA CHA KIKAO

Baada ya hapo tukakitafutia kila kikao asili yake: nani alikianzisha, lini, na kwa haja gani. Na hapa ndipo nilipokutana na kosa langu.

Mkutano wa tathmini wa Ijumaa ulianzishwa miaka kadhaa nyuma, baada ya magunia kupungua ghalani. Mkaguzi wa wakati ule alipendekeza katika taarifa yake kwamba “uongozi na watumishi wakutane kila wiki kutathmini hali ya ghala hadi tatizo litakapokwisha.” Upungufu ule ulikwisha kupatiwa ufumbuzi msimu uliofuata, kufuli zikabadilishwa, utaratibu wa funguo mbili ukawekwa. Lakini mkutano ukaendelea. Hakuna aliyeuliza kama tatizo limekwisha. Nilipoisoma taarifa ile hadi mwisho, nikaikuta saini. Ilikuwa saini yangu.

Ndugu zangu, sisi wakaguzi tuna tabia ya kumaliza kila hoja kwa kupendekeza kikao. Ni rahisi kuandika, na huonekana kuwa ni hatua. Kumbe kila pendekezo la namna hiyo ni kodi inayotozwa saa za chama kila wiki, bila tarehe ya mwisho. Kikao kina cheti cha kuzaliwa, lakini ni nadra kuwa na cheti cha kufa. Tangu siku ile sijaandika pendekezo la kikao cha mara kwa mara bila kutaja tarehe ambayo kikao hicho kitakoma chenyewe, isipokuwa Bodi ikiamua upya kukiendeleza.

Tena mkutano ule wa Ijumaa ulikuwa na kasoro nyingine ambayo kila mtu aliiona na hakuna aliyeisema. Uliisha saa 6:30, wakati wengi wa watumishi wakiwa wanajiandaa kwa Swala ya Ijumaa. Robo saa ya mwisho, ambayo ndiyo ilipaswa kuwa ya maamuzi, watu walikuwa wamekwisha kusimama. Mambo yaliyopitishwa kwa haraka Ijumaa yalifunguliwa upya Jumatatu. Hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyoufanya mkutano wa Jumatatu uwe mrefu.

KUKATA

Kulikuwa na njia mbili za kukata. Njia ya kwanza ni kupunguza kidogo kidogo kila kikao. Njia ya pili ni kufuta vyote kwanza, kisha kurudisha kile tu kinachothibitika kuwa kinatakiwa. Kampuni moja ya Kanada iitwayo Shopify ilichukua njia ya pili mwezi Januari 2023: ilifuta katika ratiba zake mikutano yote ya kujirudia yenye watu zaidi ya wawili, na watumishi wakaombwa wangoje wiki mbili kabla ya kurudisha wowote. Faida ya njia hiyo ni kwamba inageuza mzigo wa ushahidi. Anayetaka kikao ndiye anayetakiwa kueleza kwa nini, wala si yule anayetaka kukifuta.

Lakini chama cha ushirika si kampuni ya namna hiyo, na vipo vikao ambavyo hatuna ruhusa ya kuvigusa. Mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu katika chama kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Vikao vya Bodi vimewekwa na masharti ya chama chenu, pamoja na akidi yake. Mkutano mkuu unaozungumzia hesabu zilizokaguliwa, makisio au ukomo wa madeni upewe muda wote unaotakiwa na wanachama. Mwanachama aliyekuja kutoka mbali kuuliza habari za malipo yake asiambiwe muda umekwisha. Nasema hivi kwa sababu yupo kiongozi ambaye angefurahi sana kusikia mkaguzi akisema mikutano ifupishwe. Nazungumzia vikao vya watumishi, vilivyozaliwa kwa mazoea. Sizungumzii vikao ambavyo kwa njia yake wanachama huwahoji viongozi wao.

Kwa hiyo tulitenganisha kwanza. Vikao vya sheria na masharti tukaviweka kando. Vile vinne vya watumishi tukavisimamisha kwa wiki nne, kwa majaribio, na tukafungua ukurasa mmoja daftarini wenye kichwa “Yaliyoharibika.” Mtu yeyote aliyeona kazi imekwama kwa sababu kikao hakikufanyika aliandika pale, kwa tarehe.

Mkutano wa Ijumaa haukuandikiwa hata mstari mmoja. Ukafutwa. Badala yake mhasibu na mtunza ghala wakapangiwa kuhesabu magunia kila wiki kwa saa moja, na kubandika matokeo ubaoni. Angalieni tofauti: zamani watu 8 walizungumza juu ya magunia kwa saa moja na nusu, sasa watu wawili wanayahesabu.

Kikao cha kila asubuhi kiliandikiwa mistari michache, yote juu ya msimu: gari linakuja saa ngapi kupeleka mazao ghala kuu, magunia tupu yamebaki mangapi. Kikarudishwa, lakini katika msimu tu, kwa watu 4 wanaohusika, wamesimama kando ya mizani, dakika 10. Mkulima akija, karani anageuka na kumpimia. Mlango uko wazi.

KUPANGA UREFU

Mkutano wa Jumatatu ulirudishwa, kwa sababu yapo mambo ambayo yalihitaji wote wasikie kwa pamoja na wakubaliane. Swali likawa: urefu gani?

Mwaka 1955 mwandishi mmoja Mwingereza, Cyril Northcote Parkinson, alieleza katika jarida la The Economist kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliowekwa kwa ajili yake. Baadaye alionyesha vilevile, kwa mzaha wenye ukweli ndani yake, kwamba kamati hupitisha jambo la mamilioni kwa dakika chache kwa kuwa halieleweki, na hutumia muda mrefu sana juu ya banda la baiskeli kwa kuwa kila mjumbe analijua. Nani kati yetu hajaona kikao kikipitisha mkopo wa pembejeo kwa kunyanyua mikono mara moja, kisha kikagombania chai ya wageni hadi adhuhuri?

Kwa hiyo urefu usipangwe kwa kuchagua saa nzima kwa sababu tu saa ina mshale wake. Upangwe kwa kuhesabu. Daftari letu lilionyesha kwamba uamuzi mmoja wa kawaida, ukiwa na karatasi iliyosomwa kabla, ulichukua dakika 10 hadi 15. Jumatatu ya kawaida ilikuwa na maamuzi mawili. Mawili kwa dakika 15 ni dakika 30. Yatokanayo, ambayo yanataka jibu la “limefanyika” au “halijafanyika, nitalimaliza tarehe fulani,” dakika 10. Kusoma maamuzi kwa sauti mwishoni pamoja na jina la mtendaji na tarehe, dakika 5. Jumla dakika 45.

Saa nayo ikabadilishwa. Badala ya saa 2:00 asubuhi, mkutano ukawekwa saa 9:00 alasiri, wakati mizani imepungua watu. Taarifa ziliandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ubaoni Jumatatu asubuhi. Asiye na swali juu ya taarifa hakuhitaji kuisikia ikisomwa. Jambo zito likawa la kwanza katika ajenda, wala si la mwisho. “Mengineyo” yakapokewa tu yakiwa yameandikwa kwa karani wa masjala kabla ya saa 6:00 mchana wa siku hiyo. Na siku ambayo hakuna uamuzi wa kutolewa, mkutano haukufanyika. Karani aliandika ubaoni “Leo hakuna mkutano,” na hakuna aliyelaumiwa.

KOSA TULILOLIFANYA

Katika kikao cha malipo cha Jumatano tulikata vibaya. Zamani walikuwa watu 5. Tukaona kazi ni ya meneja, mhasibu na mtunza fedha. Tukawaacha hao watatu kwa saa moja, tukawatoa mtunza ghala na karani wa mizani. Wiki ya kwanza ikapita salama. Wiki ya pili orodha ya malipo ikatofautiana na stakabadhi za ghalani, na wakulima kadhaa wakangoja siku mbili zaidi kupata haki yao.

Tulipochunguza tukagundua kwamba mtunza ghala, alipokuwa akihudhuria, alikuwa akisahihisha kwa mdomo majina yaliyofanana. Katika vijiji vyetu majina hufanana sana. Baba na mwana huweza kuitwa jina moja, na karani wa ofisini hawezi kujua. Kazi hiyo haikuandikwa katika muhtasari wowote, kwa kuwa ilifanyika kwa kunong’onezana. Ndiyo maana daftari la saa na mihtasari peke yake havitoshi, na ndiyo maana tuliweka ukurasa wa “Yaliyoharibika.”

Tukasahihisha namna mbili. Mtunza ghala alirudishwa kwa robo saa ya kwanza tu, kisha akaondoka. Na namba ya mwanachama ikaanza kuandikwa katika kila stakabadhi pamoja na jina. Namba zikizoeleka, hata robo saa ile haitahitajika.

Kosa la pili lilikuwa la simu. Meneja alifungua kundi la WhatsApp ili taarifa zipite humo badala ya mkutanoni. Kwa siku chache likasaidia. Kisha likawa mkutano usio na mwenyekiti wala mwisho, tangu alfajiri hadi usiku, na karani wa mizani akawa anasoma simu huku mkulima anangoja. Wakaweka kanuni: kundi ni la taarifa za gari na magunia tu, na uamuzi wowote ulioonekana humo si uamuzi mpaka uandikwe katika muhtasari. Kufuta kikao kisha kukihamishia simuni ni kuhamisha deni kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine.

MATOKEO

Baada ya mabadiliko, hesabu ya wiki ya msimu ilikuwa hivi. Jumatatu, watu 8 kwa dakika 45, ni saa 6. Kikao cha mizani, watu 4 kwa dakika 10 kwa siku nne, ni saa 2 na dakika 40. Malipo, watu 3 kwa saa moja na mtunza ghala robo saa, ni saa 3 na dakika 15. Jumla ni saa 12 kasoro dakika 5. Zamani zilikuwa 54. Kwa hiyo zilifunguka saa 42.

Lakini mkaguzi haruhusiwi kuishia kwenye tarakimu nzuri. Kuandika karatasi ya taarifa kulichukua saa 3 kwa wiki, na kuhesabu magunia saa 2. Tukiziondoa, zilibaki saa 37. Tena tulipopima upya baada ya miezi mitatu, mkutano wa Jumatatu ulikuwa umekwisha kurudi kwenye dakika 55. Vikao hukua kama magugu. Huwezi kupalilia mara moja ukaondoka. Kwa sababu hiyo chama kile kimeweka wiki moja ya kupima kabla ya kila msimu, na kila kikao cha watumishi hufa chenyewe mwisho wa msimu mpaka kirudishwe kwa maandishi.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo kulisema. Kikao kikikataa kufa ingawa hakina kazi, ulizeni kwanza kama kina posho. Sina ugomvi na posho halali iliyopitishwa katika makisio. Lakini kamati mbili za Bodi zinazokaa siku mbili tofauti, kwa ajenda ambayo ingemalizwa kwa asubuhi moja, hapana budi zieleze sababu. Na mahali pa kueleza ni mbele ya mkutano mkuu, makisio yanapojadiliwa.

Nawaachieni kazi moja. Jumatatu ijayo, kabla ya mkutano wenu kuanza, mchagueni mtu mmoja aandike yale mambo sita: saa iliyotangazwa, ilipoanza, ilipoisha, watu, maamuzi, na kazi iliyosimama. Fanyeni hivyo kwa wiki nne, mniletee ukurasa huo nitakapokuja. Nitausoma kabla ya daftari la fedha.

Na yule bibi? Nilipita chamani pale katika msimu uliofuata, ilikuwa Jumatatu pia, saa 3:00 asubuhi. Sikumkuta chini ya mwembe. Nilipouliza, karani wa mizani alinionyesha jina lake daftarini: alikwisha kupimiwa saa 1:50, akaondoka.